Dakika 27 na Nusu: Kocha Anavyopanga Mwendo wa Wiki Nzima

Jumapili jioni mkimbiaji mmoja wa Dar es Salaam, mhasibu mwenye umri wa miaka 34, alipata imeili kutoka kwa kocha wake. Siku moja kabla alikuwa amekimbia kilomita 5 uwanjani, mizunguko 12 na nusu ya njia ya mita 400, akamaliza kwa dakika 27 na sekunde 30. Kocha ni mzee aliyekimbia enzi zake, na kila wiki huwaandikia wanakikundi wake mmoja mmoja. Wote wawili wameniruhusu niitumie barua hiyo hapa:

“Mwanangu, pole na hongera kwa jana. 27:30 ndio muda wako, na ndio tutakaoufanyia kazi. Mwendo wa wiki hii kwa kilomita moja ni huu. Mbio nyepesi: 6:55 hadi 7:35. Tempo: 5:46. Vipande: 5:19, yaani mita 800 kwa 4:15.

Jumatatu pumzika. Jumanne kilomita 5 nyepesi. Jumatano pasha kilomita 2, kisha mita 800 mara 3. Baada ya kila kipande jogi dakika 3, mwisho malizia kilomita 1 taratibu. Alhamisi pumzika. Ijumaa pasha kilomita 2, tempo kilomita 3, malizia kilomita 1. Jumamosi kilomita 4 nyepesi, Jumapili kilomita 9 nyepesi. Jumla ni kama kilomita 30. Usizidishe kasi hata ukijisikia vizuri.”

Jibu lilirudi usiku uleule: “Shikamoo Mwalimu. Nimeelewa ratiba. Ila dakika 7 na nusu kwa kilomita si nitapitwa na kila mtu pale Coco Beach? Na kama jana nilikimbia kilomita 5 nzima kwa mwendo wa 5:30, kwa nini tempo iwe 5:46? Si narudi nyuma?”

Mkimbiaji yeyote aliyewahi kupewa mwendo na kocha amejiuliza maswali hayo. Majibu yake yamo ndani ya ule muda wa 27:30, na hesabu yenyewe si ngumu kuifuata.

Muda mmoja, mwendo wa aina tatu

Tuanze na hesabu nyepesi. Dakika 27 na sekunde 30 ukizigawa kwa kilomita 5 unapata dakika 5 na sekunde 30 kwa kila kilomita. Huo ndio mwendo wake wa mashindano ya kilomita 5. Hakuna siku hata moja wiki hii ambayo kocha amemwagiza akimbie kwa mwendo huo hasa. Tempo iko sekunde 16 chini yake, vipande viko sekunde 11 juu yake, na mbio nyepesi ziko mbali kabisa, sekunde 85 hadi 125 nyuma.

Kocha hakuzikadiria tofauti hizo kwa macho. Anatumia majedwali ya Jack Daniels, Mmarekani aliyekuwa kocha na mtaalamu wa sayansi ya mwili wa mwanamichezo. Mwaka 1979 Daniels na mwenzake Jimmy Gilbert walichapisha majedwali yanayochukua muda wa mashindano na kuugeuza kuwa alama moja ya uwezo wa mkimbiaji, iitwayo VDOT. Alama hiyo inatokana na mambo mawili. La kwanza ni kiasi cha oksijeni ambacho mwili huhitaji ili kukimbia kwa mwendo fulani. La pili ni sehemu ya uwezo wake wa juu ambayo mtu anaweza kuitumia kwa muda fulani bila kuishiwa nguvu. Kwa mtu aliyekimbia kwa karibu dakika 28, kanuni yao inakadiria kwamba alikuwa akitumia kama asilimia 93 ya uwezo wake wa juu wa oksijeni. Mhasibu wetu anaangukia VDOT ya 34.

Alama hiyo si kipimo cha maabara, kwa sababu hakuna aliyemvalisha barakoa ya kupima pumzi. Lakini hapo ndipo manufaa yake yalipo. Watu wawili wanaweza kuwa na mapafu na moyo wa nguvu sawa, mmoja akakimbia kwa wepesi na mwingine akapoteza nguvu nyingi kwa hatua nzito. Maabara itawapa namba moja, uwanja utawapa muda tofauti. Kocha anashughulika na muda wa uwanjani, kwa hiyo anapata vyote viwili kwa pamoja, uwezo wa mwili na ustadi wa kuutumia.

Kinachohesabiwa ni dakika

Ili kuelewa kwa nini tempo iko chini ya mwendo wa kilomita 5 na vipande viko juu yake, sahau umbali kwanza na ufikirie muda. Tempo, kwa maana wanayoitumia makocha wa shule ya Daniels, ni mwendo ambao mtu angeweza kuushikilia katika mashindano kwa takriban saa nzima. Mwendo wa vipande ni ule ambao angeweza kuushikilia kwa dakika 10 hadi 12 hivi. Mhasibu wetu alikimbia kwa dakika 27 na nusu, muda ulio katikati ya hiyo miwili, na ndiyo maana mwendo wake wa kilomita 5 unakaa katikati ya tempo na vipande.

Sasa mtazame Joshua Cheptegei wa Uganda. Tarehe 14 Agosti 2020, mjini Monako, aliweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 kwa dakika 12 na sekunde 35. Huo ni mwendo wa kama dakika 2 na sekunde 31 kwa kilomita. Kwake kilomita 5 zinakwisha kwa kama dakika 12 na nusu tu, kwa hiyo mwendo wake wa mashindano unakaribia sana mwendo wake wa vipande. Mhasibu wa Dar es Salaam anatumia zaidi ya mara mbili ya muda huo kwa umbali uleule, hivyo hawezi kuukimbia wote kwa ukali huo, na pengo kati ya kilomita 5 zake na vipande vyake linakuwa pana zaidi.

Ndiyo maana kanuni za mitaani za aina ya “toa sekunde 10 kwa vipande, ongeza 15 kwa tempo” haziwafai watu wote. Anayemaliza kilomita 5 kwa dakika 20 ana mwendo wa dakika 4:00 kwa kilomita. Jedwali linampa tempo ya kama 4:15, lakini vipande vyake vinakuwa karibu 3:55, sekunde 5 tu juu ya mwendo wake wa mashindano. Akitumia kanuni ya jirani yake mwenye 27:30 akatoa sekunde 11, atakuwa anakimbia kitu kingine kabisa kisichokusudiwa.

Jumatano: kwa nini mita 800, kwa nini mara 3

Kazi ya vipande ni kuufikisha mwili kwenye kilele cha matumizi ya oksijeni na kuukalisha hapo kwa dakika kadhaa. Mwili haufiki kileleni mara tu unapoanza kukimbia. Kutoka kwenye mapumziko unahitaji kama dakika 2 ili moyo na mapafu vishike kazi kikamilifu. Kwa hiyo kipande cha dakika moja na nusu kikifuatwa na mapumziko marefu kinakwisha kabla kazi iliyokusudiwa haijaanza. Kwa upande mwingine, kipande kinachozidi dakika 5 kwa mwendo huo kinachosha kiasi cha kuharibu vinavyofuata. Kwa mkimbiaji huyu mita 800 zinachukua dakika 4 na sekunde 15, yaani zinaangukia mahali pazuri. Kwa Cheptegei mita 800 zingekwisha mapema mno, na ndiyo sababu wakimbiaji wa kiwango cha juu huonekana wakifanya vipande vya mita 1,000 au 1,200. Wanatafuta dakika zilezile, umbali tu ndio unaobadilika.

Mara 3 nayo ina hesabu yake. Daniels anashauri kwamba vipande vya siku moja visizidi asilimia 8 ya kilomita za wiki. Wiki hii ni kilomita 30, na asilimia 8 yake ni kilomita 2.4. Mita 800 mara 3 ni kilomita 2.4 kamili. Mapumziko ya dakika 3 ni mafupi kidogo kuliko muda wa kukimbia. Yanatosha kurudisha pumzi, lakini hayatoshi moyo kutulia kabisa, na hivyo kipande kinachofuata kinafika kileleni mapema zaidi.

Uwanjani, 5:19 kwa kilomita ni mzunguko mmoja wa mita 400 kwa dakika 2 na sekunde 7 au 8. Tuseme amekimbia mzunguko wa kwanza kwa 1:58 kwa sababu miguu ilikuwa bado mipya. Anaweza kumaliza kipande hicho kwa 4:02 na kufurahi. Cha pili kitakuwa 4:14, cha tatu 4:31 huku mabega yamepanda na hatua zimefupika. Ukizijumlisha, muda wote unakaribia sana ule ambao angeupata kwa 4:15 mara 3. Lakini mazoezi siyo yaleyale. Kipande cha kwanza kilitumia nguvu zisizotokana na oksijeni, na hizo ndizo zilizomwachia uchovu, kisha cha tatu kilikuwa cha polepole kiasi cha kutofika kileleni. Alama ya kuangalia Jumatano ni hii: kipande cha mwisho kilingane na cha kwanza, pengine kwa tofauti ya sekunde 2 au 3. Kikichelewa kwa zaidi ya sekunde 10, mwendo ulikuwa mkali mno, au siku haikuwa nzuri.

Ijumaa: tempo isiyogeuka mashindano

Misuli inapofanya kazi huzalisha lakteti wakati wote. Kwa mwendo wa chini mwili huitumia na kuiondoa kwa kasi ileile inavyozaliwa, na kiasi chake kwenye damu hubaki kidogo. Ukiongeza mwendo unafika mahali ambapo uzalishaji unauzidi uondoaji, nayo inaanza kurundikana. Ukivuka hapo pumzi inapanda ghafla na muda uliobaki nao kabla ya kulegea unapungua haraka. Tempo hukimbiwa kwenye mpaka huo. Lengo ni kuufundisha mwili uondoe lakteti vizuri zaidi, ili baada ya miezi mpaka wenyewe usogee kwenye mwendo wa kasi zaidi.

Hilo ndilo jibu la swali la pili la mhasibu. Akikimbia tempo kwa 5:30 kwa sababu anaimudu, atakuwa ameuvuka mpaka na kufanya mashindano madogo siku ya Ijumaa. Kilomita 3 zitakwisha, bila shaka, lakini kwa gharama ya Jumamosi na Jumapili. Kwa 5:46 zitachukua dakika 17 na sekunde 18, na uwanjani kila mzunguko utakuwa wa dakika 2 na sekunde 18. Mwisho wake anapaswa kuhisi kwamba angeweza kuendelea kwa dakika 10 nyingine kama angelazimika. Njiani anaweza kusema maneno matatu au manne kisha avute pumzi. Akishindwa hata neno moja, amevuka. Akiweza kusimulia habari ya kazini, hajafika.

Joto la Dar es Salaam linaharibu hesabu hii kuliko jambo lolote. Mtihani wa Jumamosi ulikimbiwa saa 12 asubuhi, hewa ikiwa bado ya kuvumilika. Akifanya tempo saa 11 jioni baada ya kazi, lami ikiwa bado inatoa joto na unyevu ni mwingi, sehemu ya damu itakwenda kwenye ngozi ili kupoza mwili badala ya kwenda kwenye misuli. Moyo utadunda kana kwamba anakimbia 5:30 wakati saa inaonyesha 5:46. Kocha huyu huwaambia watu wake waongeze sekunde 10 hadi 15 kwa kilomita jioni za namna hiyo na wafuate pumzi kuliko saa. Jedwali linajua muda wako, halijui hali ya hewa.

Zile dakika 7 na nusu

Tumebaki na swali lililomuuma zaidi. Katika kilomita 30 za wiki hii, mwendo wa vipande na tempo kwa pamoja ni kilomita 5 na mita 400. Zilizobaki zote ni nyepesi, ukihesabu za kupasha, za kujogi na za kumalizia. Hizi ndizo zinazojenga moyo uweze kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, zinaongeza mishipa midogo ya damu ndani ya misuli, na zinaongeza sehemu za chembehai zinazogeuza chakula na oksijeni kuwa nguvu. Kano na mifupa nayo huzoea mshtuko wa hatua polepole, polepole kuliko moyo unavyozoea.

Faida hizo zinatokana zaidi na muda anaokaa mbioni kuliko kasi yake. Akikimbia Jumanne kwa 6:15 badala ya 7:15, hatapata mishipa mingi zaidi kwa kiasi kinachoonekana, lakini Jumatano atafika uwanjani na miguu mizito, na zile 4:15 zitamshinda kipande cha pili. Kisha atadhani tatizo ni vipande, kumbe tatizo lilikuwa Jumanne. Hili ndilo kosa ambalo makocha hukutana nalo mara nyingi zaidi kwa watu wazima wanaofanya kazi siku nzima: siku nyepesi zinakuwa za kasi ya kati, siku ngumu zinashindikana, na mwisho wiki nzima inakuwa ya mwendo mmoja.

Jibu la kocha lilikuwa fupi: “Marahaba mwanangu. Waache wakupite. Ukiweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi, uko sawa. Ukishindwa, punguza hata kama saa inasema 7:40.” Ule upana wa 6:55 hadi 7:35 umewekwa makusudi. Siku aliyolala vizuri atajikuta karibu na 7:00 bila kujisukuma. Siku ya baada ya kufunga hesabu za mwezi atakuwa 7:35, na mazoezi yatakuwa yamefanyika vilevile.

Kama muda wa kuanzia si wa kweli

Yote haya yanasimama juu ya 27:30. Mwenzake wa kikundi kilekile naye alituma 27:30, ila yeye alikimbia barabarani huku simu ikimpimia. Simu ilisema kilomita 5. Njia ilipopimwa baadaye kwa gurudumu la kupimia, ilikuwa kilomita 4 na mita 850. Mita 150 zinaonekana kitu kidogo, lakini mwendo wake wa kweli ulikuwa 5:40 kwa kilomita, na kilomita 5 kamili zingemchukua kama dakika 28 na sekunde 21. Hiyo ni VDOT ya 33, na tempo yake halali ni 5:56. Kocha alikuwa amempa 5:46. Sekunde 10 kwa kilomita zilitosha kumfanya akwame kwenye kilomita ya pili ya tempo wiki mbili mfululizo, huku akidhani ni mvivu.

Dalili ilikuwa wazi kwa anayejua kuitafuta. Mtu anaposhindwa tempo na vipande vyote viwili, tena kwa wiki zaidi ya moja, ilhali analala na kula vizuri, kocha anaanza kuutilia shaka muda wa kuanzia kabla ya kumtilia shaka mkimbiaji. Simu hupoteza njia karibu na majengo marefu na chini ya miti, na kwenye kona hukata au huongeza mita. Njia rahisi ya kuihakiki ni kukimbia nayo mizunguko michache kwenye uwanja wa mita 400 na kulinganisha.

Kosa la pili ni kuandika muda ambao ungeupata. Jumamosi ile kilomita za mhasibu zilikwenda hivi: 5:12, 5:28, 5:38, 5:42 na 5:30. Aliondoka kwa kasi mno na akalipia kilomita ya tatu na ya nne. Angeanza kwa utulivu huenda angekaribia 27:00, na alimdokeza kocha jambo hilo. Kocha alikataa kuitumia namba hiyo. Kama uwezo wa 27:00 upo, utajitokeza kwenye mtihani ujao. Kama haupo, wiki nne za mwendo usio wake zitamletea maumivu ya ugoko.

Kuna jambo moja ambalo hata muda sahihi haulisemi. Jedwali lilelile litamtabiria mhasibu huyu muda wa nusu marathoni, lakini utabiri huo unamhusu mtu aliyefanya mazoezi ya kutosha kwa umbali huo. Yeye, kwa kilomita 30 kwa wiki na mbio ndefu ya kilomita 9, hajafika huko. Mwendo wa mazoezi aupokee, utabiri wa umbali mrefu auache kwanza.

Kocha hubakiza mwendo huohuo kwa wiki 3 au 4, kisha huitisha kilomita 5 nyingine, uwanja uleule na saa ileile ya asubuhi. Tuseme mhasibu atakimbia 27:00. Atakuwa amepunguza sekunde 30, VDOT yake itakuwa 35, na imeili mpya itasoma tempo 5:40 badala ya 5:46, na mita 800 kwa takriban 4:10 badala ya 4:15. Mwezi mzima wa kazi utakuwa umebadilisha tempo yake kwa sekunde 6 kwa kilomita. Anayejipandishia sekunde 15 kwa wiki moja kwa sababu alijisikia vizuri ajue ameruka zaidi ya miezi miwili ya mazoezi ambayo bado hajayafanya.